Kabla fundi wa kuchomelea hajaenda kupimwa

Fundi mmoja ninayemfahamu alitengeneza mageti, madirisha na matangi kwa miaka 14 kabla hajajiandikisha kupimwa ili apate cheti. Siku ya mtihani mshono wake ulilala vizuri sana, mpaka wenzake waliokuwa wakisubiri zamu wakasogea kuutazama. Kisha mpimaji akakata vipande viwili kutoka kwenye mshono ule, akausaga mgongo wake mpaka ukawa sawa na bamba, akavikunja kwa mashine vikawa kama herufi U. Cha kwanza kilikunjika salama. Cha pili kilifunguka katikati, ufa wa milimita 5 hivi, na ndani ya ule ufa kukaonekana mstari mweusi wa gamba la rodi. Mahali penyewe ni pale alipokuwa amesimama kubadilisha rodi.

Alirudi nyumbani bila cheti, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi anaijua kweli. Nilikaa naye wiki zilizofuata tukijiandaa upya, na mengi ya haya ninayoyaandika yametoka kwenye maandalizi yale.

Kabla hujalipa ada, ulizia unaenda kupimwa kwa ajili ya karatasi ipi, maana kuna za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha ufundi cha daraja, ambacho fundi aliyejifunzia kazini hupewa kupitia urasimishaji wa ujuzi. Kinasema kwamba wewe ni fundi wa kiwango fulani, nacho hupima mambo mengi kwa juujuu: kusoma mchoro, kupima na kukata, usalama, kuchagua rodi, kuchomelea. Ya pili ni hati ya mchomeleaji, ile inayodaiwa kwenye mabomba, matangi ya shinikizo na majengo ya chuma. Hiyo haisemi kuwa wewe ni fundi. Inasema kwamba tarehe fulani ulichomelea aina fulani ya kiungo, kwa njia fulani ya kuchomelea, kwa chuma cha unene fulani, katika mkao fulani, na kikakubalika. Ukibadilisha njia, kwa mfano kutoka rodi kwenda gesi ya agoni, unapimwa upya. Tena hati hii hufa usipoitumia. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 9606-1 lazima msimamizi wa kazi athibitishe kila baada ya miezi 6 kwamba bado unachomelea ndani ya mipaka ya hati yako. Kwa hiyo anayetaka kutambuliwa kama fundi aanze na daraja. Anayeitwa kwenye mradi fulani amuulize mwajiri ni kiwango gani na mkao upi, ajifue kwa huo.

Ushahidi wa kazi zako uanze kuukusanya mapema, kwa sababu ndio unaomfanya mpimaji aamue kukupima daraja gani. Picha ya geti lililokwisha kupakwa rangi haimwambii kitu. Mtu yeyote anaweza kusimama mbele ya geti. Piga picha za hatua: mabamba yaliyokatwa mshazari, mshono wa kwanza kabla haujafunikwa, wewe mwenyewe ukiwa umeshika klampu. Barua ya mteja au ya bosi wako wa zamani isiishie kwenye "ni kijana mwaminifu". Itaje ulifanya nini, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, kwa chuma gani, na nani alikagua. Na jina liwe moja kwenye kila karatasi. Nimeona fundi akisumbuka miezi kwa sababu barua zote zimeandikwa jina la utani analojulikana nalo mtaani.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe. Kazi ya kila siku inamfundisha fundi kuzungusha kazi. Geti likiwa gumu kufikika unaligeuza, unachomelea likiwa limelala. Kwenye mtihani bamba hufungwa kwenye stendi na haligeuzwi mpaka umalize. Mikao ina majina utakayoyakuta kwenye karatasi ya maelekezo: 1G ni bamba lililolala chini yako, 2G ni mshono wa ulalo kwenye bamba lililosimama, 3G ni mshono unaopanda wima, 4G ni juu ya kichwa. Herufi ikiwa F badala ya G, kiungo ni cha kona, si cha mabamba yaliyokutanishwa ncha kwa ncha. Ukiandikiwa 3G halafu umefanya mazoezi ya mezani tu, chuma kilichoyeyuka kitakuteremkia mkononi. Punguza ampea kidogo kuliko za mezani, anzia chini upande juu, na tua kidogo kila upande wa mshono ili kingo zijae. Usipotua, kingoni pataachwa kamfereji, na kanapozidi milimita 1 mara nyingi kazi inakataliwa kwa macho tu, kabla hata ya kukunjwa.

Cha pili ambacho kazi ya mtaani haikufundishi ni kupenya mpaka nyuma. Mshono wa geti hushika juu na hiyo inatosha, kwa kuwa geti halibebi mzigo mkubwa. Bamba la mtihani la milimita 10 hukatwa mshazari wa nyuzi 30 kila upande, yakikutana yanafanya V ya nyuzi 60, na chini huachwa mwanya wa milimita 2.5 hadi 3. Mwanya huo ndio unaoamua mambo. Ukiwa mwembamba mno, chuma hakitoki upande wa pili. Ukiwa mpana mno, unatoboka. Nami nasisitiza uupime kwa rodi iliyopigwa gamba lake likabaki uchi, badala ya kuukadiria kwa jicho, na uupime ncha zote mbili, kwa sababu chuma kikipata moto mwanya hujifunga kadiri unavyosonga mbele. Wengi huuacha upande wa kumalizia mpana kidogo kwa ajili hiyo.

La tatu ni lile lililomwangusha mwenzetu. ISO 9606-1 inataka mshono wa kwanza wa ndani na ule wa mwisho wa juu kila mmoja uwe na walau sehemu moja uliyosimama ukaanza tena, na sehemu hiyo iwekwe alama ili ikaguliwe. Hata kama mtihani wako unafuata utaratibu mwingine, rodi moja haimalizi bamba, kwa hiyo utasimama tu. Rodi inapoisha inaacha kishimo chenye gamba ndani. Ukichapa rodi mpya juu yake moja kwa moja, gamba linafungiwa humo na huwezi kuliona tena. Kwanza gonga gamba, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha saga mwisho wa mshono uwe mteremko. Washa rodi mpya milimita 10 hivi mbele ya kishimo, rudi nyuma taratibu hadi kwenye kishimo, subiri kiyeyuke na kujaa, ndipo usonge. Kwa njia hiyo pale ulipowashia panayeyushwa tena unapopita, na vitundu vilivyoanza navyo vinatoka.

Grenda nayo ina sheria zake. Mtaani grenda hufuta makosa na rangi humalizia. Kwenye mtihani unaweza kuruhusiwa kusaga dosari ndogo za tabaka za ndani, tena kwa idhini ya mpimaji, lakini tabaka la mwisho la juu haliguswi. Linakaguliwa lilivyotoka kwenye rodi. Kwa hiyo siku za mazoezi ficha grenda ufikapo tabaka la juu, uzoee kuishi na ulichochomelea.

Huna haja ya kungoja mpimaji ndipo ujue hali yako. Kata kipande cha upana wa milimita 38 hivi kukatisha mshono wa mazoezi, hasa pale uliposimama ukaanza tena. Saga mgongo na upande wa nyuma viwe sawa na bamba, na mikwaruzo ya grenda ifuate urefu wa kipande, isikatishe, maana mkwaruzo uliokatisha unaweza kuanzisha ufa. Kiweke juu ya vyuma viwili, kisukume katikati kwa jeki ya mafuta kupitia bomba nene au chuma cha mviringo cha milimita 40. Kimoja kikunje upande wa mzizi ukiwa nje, kingine upande wa juu ukiwa nje. Simama pembeni, kwa sababu kipande kibovu huruka. Kikifunguka popote zaidi ya milimita 3, hujawa tayari, na mpasuko utakueleza sababu: mstari mweusi ni gamba, matundu ya mviringo ni unyevu au uchafu, mstari ulionyooka na laini ubavuni ni chuma ambacho hakikuyeyuka kikaungana.

Kuhusu unyevu: rodi ya E7018 hunyonya maji ya hewani, na paketi iliyokaa wazi dukani itakuletea vitundu hata ukiwa fundi mzuri namna gani. Uliza kama utapewa rodi au unakuja nazo. Na ujue kusoma namba zake, kwani kwenye mahojiano ya mdomo huulizwa sana. 70 ni nguvu ya kuvutwa, pauni 70,000 kwa kila inchi ya mraba. 1 inayofuata inamaanisha inafaa mikao yote. Tarakimu ya mwisho hueleza aina ya gamba na umeme unaofaa. Mafundi wengi wanaijua E6013 kwa rangi ya paketi tu, na hapo wanapoteza alama za bure.

Fundi umeme na fundi cherehani wana pengo la aina hiyohiyo, kila mmoja mahali pake. Fundi umeme huangushwa na hatua anazoziruka kila siku: kuzima na kufunga swichi kuu, kujaribu kipima umeme mahali penye umeme, kupima waya, kisha kukijaribu tena kile kipima ili ajue hakikufa katikati. Fundi cherehani aliyezoea kunakili nguo ya mteja hupewa kadi ya vipimo peke yake, bila nguo, achore patani mwenyewe.

Siku ya kupimwa soma karatasi ya maelekezo mara mbili kabla hujagusa chuma, na uliza kama mabamba yakishashikizwa unaruhusiwa kuyabandua. Omba kipande cha kujaribia, uweke ampea juu yake, kwa sababu mashine yao si yako na kisahani chake cha namba hakitalingana na chako.

Mwenzetu alikunja vipande 11 kwa jeki ya kukodi kabla hajarudi. Vinne vya kwanza vilifunguka palepale pa kuanzia upya, cha tano kikafunguka kidogo, na kuanzia cha saba havikufunguka tena. Aliporudi kupimwa, mpimaji alimwambia aweke alama ya chaki pale aliposimama kubadilisha rodi. Kipande kilikatwa hapohapo kwenye chaki, kikakunjwa, kikabaki kizima.