Breking au eksplena: jinsi ya kupima video gani inaishi muda mrefu, hatua kwa hatua

Mimi ni produsa wa video za habari hapa Kisumu, na kila baada ya miezi mitatu naandikia deski noti fupi ya kusema klipu za breking zilitazamwa kwa muda gani na zile za kueleza mambo, eksplena, zilitazamwa kwa muda gani. Miaka ya kwanza nilikuwa naifanya vibaya. Nilikuwa nafungua orodha ya YouTube Studio naangalia zilizo juu, na kila mara breking ndizo ziko juu, basi tunaamua tufanye breking zaidi. Shida ni kwamba ile orodha inakuonyesha ukubwa, haikuonyeshi umri.

Nitatumia mfano wa video mbili za mafuriko. Moja ni klipu ya dakika mbili, maji ya mto Nyando yamevuka barabara pale Ahero, watu wamebeba viatu mkononi na boda zimesimama upande huu na ule. Nyingine ni ya dakika tisa, inaeleza kwa nini uwanda wa Kano hufurika: mvua inanyesha juu milimani Nandi na Kericho, mto unashuka na udongo mwingi, unafika kwenye tambarare unapoteza kasi na kumwaga huo udongo, kina kinapungua, maji yanatafuta njia kwa boma za watu. Namba nitakazotaja ni za mfano tu ili hesabu ieleweke, wewe weka zako.

Hatua ya 1. Chagua video ambazo zote zimeshatimiza siku 90. Usilinganishe ya jana na ya mwaka jana, ya jana haijapata nafasi ya kuishi. Na video fupi za Shorts weka kando kabisa, kwa sababu tangu mwisho wa Machi 2025 YouTube inahesabu kila mara Short inapoanza kucheza, hata mtu akipitisha kidole tu, kwa hivyo namba zake hazilingani na za video ndefu.

Hatua ya 2. Fungua video kwa YouTube Studio, ingia Analytics, kisha Advanced mode. Weka tarehe kuanzia siku ilipotoka hadi siku ya 90, chagua jedwali la Date, halafu eksport. Ukichukua CSV utapata zipu yenye faili tatu, unayotaka ni `Table data.csv`. Sasa hapa kuwa makini sana: mstari wa kwanza chini ya vichwa ni Total, jumla ya siku zote. Ufute. Kuna kijana wetu aliubandika kama siku ya kwanza, akaniletea shiti inayosema kila video, hata ile ya Nyando, ilimaliza nusu ya maisha yake siku moja. Ukiona video zako zote zina jibu 1, rudi uangalie huo mstari kabla hujamlaumu mtu.

Kitu kingine, siku za YouTube zinahesabiwa kwa saa za Pasifiki kule Marekani. Siku yao mpya inaanza kwetu saa nne asubuhi au saa tano, kutegemea msimu wao. Kwa hivyo klipu uliyoweka saa moja asubuhi, "siku yake ya kwanza" ni masaa matatu au manne tu. Ndio maana mimi sibishani na mtu juu ya tofauti ya siku moja.

Hatua ya 3. Panga tarehe kongwe ikae juu, kisha kwa shiti weka mara ilizotazamwa kila siku kwa safu ya B kuanzia B2 hadi B91. Kwa C2 andika jumla inayojilimbikiza, uivute hadi chini:

```
=SUM(B$2:B2)
```

Halafu pembeni weka hizi mbili, ya kwanza ni siku ambayo video ilifikisha nusu ya mara zote ilizotazamwa kwa siku 90, ya pili ni sehemu iliyokuja baada ya siku 30, ambayo naiita mkia:

```
=COUNTIF(C2:C91,"<"&C91/2)+1
=SUM(B32:B91)/C91
```

Tuseme klipu ya Ahero imetazamwa mara 40,000, na 27,000 zilikuja siku ya kwanza. Nusu yake ni siku ya 1, mkia wake ni 600, yaani asilimia 1.5. Ile ya kueleza imetazamwa mara 12,000 tu, lakini 7,000 zilikuja baada ya siku 30, mkia asilimia 58, nusu yake karibu siku ya 39. Hiyo ni kama mara 117 kwa siku, na ikiendelea hivyo bila kushuka inahitaji siku kama 240 zingine ndio ifikie klipu ya Ahero. Hii iandike kwa noti bila kuficha, kwa sababu bosi atauliza, na eksplena inachukua siku nne za kazi na breking asubuhi moja.

Hatua ya 4. Ukiwa na video nyingi, chukua ya katikati kwa kila kundi, usichukue wastani. Klipu moja ikilipuka inavuta wastani wa kundi zima na utadhani zote zinaishi vile.

Hatua ya 5, na hii ndio napenda zaidi, angalia Traffic source, yaani watazamaji walitoka wapi. Breking inalishwa na ukurasa wa mwanzo (Browse features) na linki za WhatsApp na Facebook (External), ikiisha moto kwao imeisha. Eksplena yenye mkia mrefu utakuta inalishwa na YouTube search, yaani mtu ana swali na anaendelea kuliuliza. Lakini si kila eksplena iko hivyo! Video zilizoeleza Finance Bill 2024 zilikuwa eksplena safi, zimechorwa vizuri, na tarehe 26 Juni 2024 Rais aliposema hatasaini, swali lenyewe likaisha. Kwa hivyo mimi siku hizi nagawa makundi kwa swali: litaulizwa tena au halitaulizwa tena? Nyando itaulizwa kila masika.

Hiyo ndio sababu pia nakataa neno "leo" kwa hedlaini ya eksplena. "Mafuriko ya leo Ahero" hakuna mtu ataitafuta mwezi ujao, "Kwa nini Nyando hufurika" watatafuta.

Hatua ya 6. Usiweke hizo mbili zishindane. Siku klipu ya Ahero imeshika moto, weka eksplena kwa skrini ya mwisho na kwa komenti uliyoibandika juu, siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake watu wameshaondoka. Kisha uangalie kwa Traffic source ya eksplena kama kuna waliopitia End screens.

Siku 90 hazitoshi kwa video ya msimu, kwa hivyo Februari mwishoni, kabla mvua ya Machi, naifungua tena ile ya Nyando, naitazama yote dakika tisa, na kama kuna tuta limejengwa au daraja limebadilika naandika kwa maelezo chini na kwa komenti ya juu. Halafu Juni nachota data upya kuanzia Machi na kuongeza safu moja kwa shiti.