Kinyesi, damu na konokono hai kwenye praktiko: usiloweke vyote kwenye jiki

Mwongozo huu ni wa praktiko ya kichocho na malaria: meza moja ina vikombe vya kinyesi kwa Kato-Katz, ya pili damu ya kidole kwa slaidi, ya tatu konokono hai waliookotwa ziwani. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama anaweza kumaliza taka zote kwa ndoo moja ya jiki. Jibu ni hapana, na hatua ya pili inaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Damu

Koti, viatu vya kufunika vidole, glovu. Sindano ya kutobolea kidole hutumika mara moja tu na huingia sefti boksi papo hapo, bila kurudishiwa kifuniko. Boksi likijaa robo tatu, lifunge.

Akijichoma mtu kwa sindano iliyotumika, aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za PEP za kukinga VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Chanjo ya homa ya ini B iwe imeshachomwa kabla ya praktiko.

Hatua ya 2: Jiki, na mahali isipofika

Soma asilimia kwenye chupa. Ikiwa 3.5%, na unataka 0.5% ya kusafishia damu, gawanya 3.5 kwa 0.5 upate 7, kisha toa 1. Sehemu moja ya jiki, sita za maji: mililita 100 kwa 600. Chupa ya 5% inataka sehemu tisa za maji. Changanya asubuhi ya praktiko na mwaga jioni, kwa kuwa klorini hupotea, na chupa iliyokaa dirishani juani inaweza kuwa dhaifu kuliko lebo yake. Usiiamini harufu, tumia karatasi za kupimia klorini.

Damu ikimwagika, ifunike kwa karatasi, mimina jiki, subiri dakika 10, okota, kisha pangusa tena kwa jiki mpya. Mzunguko wa pili ni wa lazima, maana protini za damu huweza kumaliza klorini ya kwanza kabla haijaua vijidudu vyote. Kwenye hadubini usitumie jiki, inakula chuma. Tumia spiriti ya 70%.

Sasa kinyesi. Kina uchafu mwingi unaomaliza klorini, lakini tatizo kubwa zaidi ni ganda la yai la askarisi, ambalo jiki ya 0.5% hailipenyi. Hata ndani ya formalini yai hilo huweza kuendelea kukua. Likiwa limetoka tumboni leo halijaweza kuambukiza. Baada ya wiki mbili hadi tatu kwenye unyevu na joto, linaweza. Kwa hiyo kikombe kilichosahauliwa chini ya sinki ni hatari kuliko cha leo. Mayai ya tegu wa nguruwe hayasubiri: yanaambukiza siku yanapotoka, na yakimezwa yanaweza kuweka vifuko vya minyoo michanga ubongoni.

Kinachoua mayai haya ni joto. Kinyesi kilichobaki kiende chooni siku hiyohiyo. Vikombe na vijiti viingie mfuko mwekundu, kisha tanuri la kuchomea taka. Slaidi ziende otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 30. Kama huna, zichemshe nusu saa kwenye sufuria isiyorudi jikoni kamwe. Na kitu kilicholowa jiki kisiingie otoklevu: kinatoa gesi yenye sumu.

Hatua ya 3: Konokono

Mweke kila mmoja kwenye chupa yake yenye maji yasiyo na klorini, chini ya taa, saa moja au mbili. Ukiona vitone vyenye mkia uliogawanyika vikiogelea, hizo ni serkaria, yaani mabuu ya kichocho, na zinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Tumia koleo, glovu ndefu, na kifuniko kwenye kila chupa.

Maji yakikurukia, yapanguse mara moja kwa kitambaa kikavu, kisha lowesha ngozi kwa spiriti ya 70%. Usisubiri kumaliza kuhesabu. Andika jina la mwanafunzi: prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga, hivyo atahitaji kipimo au dawa wiki sita hadi nane baadaye.

Maji na konokono vichemshwe kabla ya kumwagwa. Usiwarudishe ziwani wala kuwatupa mtaroni, watazaliana huko.

Hatua ya 4: Mikono

Vua glovu kwa kuzigeuza nje-ndani, kisha maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 40 hadi 60, ukisugua chini ya kucha. Kitakasa mikono hakiui mayai ya minyoo wala hakiyaondoi, kwa hiyo maabara isiyo na maji ya bomba inahitaji ndoo yenye koki kabla ya kuhitaji chupa ya kitakasa. Koti libaki maabara, lisiende bwenini.