Si kweli kwamba opsheni 90 kati ya 100 huisha bure

Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya muda fulani kwisha. Dai la asilimia 90 limetokana na kosa: takriban asilimia 10 tu ya opsheni za Marekani hutekelezwa, yaani mnunuzi hutumia haki yake, basi watu wakadhani zote zilizobaki huisha bila thamani. Takwimu zinazotajwa na Cboe, soko la opsheni la Marekani, ni kwamba asilimia 55 hadi 60 hufungwa kabla ya muda kwisha, yaani mwenyewe huuza au hununua tena mkataba wake. Zinazoisha bure ni asilimia 30 hadi 35.

Aliyenunua kwa dola 200 akauza kwa 500 ameshapata faida yake, hata opsheni ikiishia bure mikononi mwa mwingine. Wewe muuzaji wa opsheni, piga hesabu hii: mara tisa opsheni inaisha bure nawe unabaki na dola 200 ulizolipwa, jumla 1,800. Mara ya kumi hisa inaruka, unapoteza 2,500. Umeshinda mara tisa kati ya kumi, na una hasara ya dola 700.