Kusoma herufi mbili za mwanzo za msimbo wa ISIN ili kumjua mtoaji wa hati ni wa nchi gani

Hapa Tabora kazi yangu ni kutunza rejesta za uwekezaji za vyama vya akiba na mikopo pamoja na za wastaafu wachache, na katika rejesta hizo safu inayojazwa vibaya kuliko zote ni ile ya nchi ya mtoaji. Wengi huandika nchi ya soko ambako hisa zilinunuliwa, wengine huandika nchi ambako mgodi au kiwanda kipo. Jibu huwa limeandikwa tayari kwenye taarifa ya dalali, mwanzoni mwa msimbo wa ISIN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha hati ya uwekezaji kama hisa au hati fungani, lakini lazima lisomwe kwa utaratibu, kwa sababu herufi hizo mbili hujibu swali moja tu na hukaa kimya juu ya mengine.

Msimbo huo una nafasi 12. Mbili za kwanza ni herufi za nchi, tisa zinazofuata ni namba ya hati yenyewe, na ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi. Muundo wote umewekwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 6166, na herufi za nchi zinatoka katika orodha ya ISO 3166, ambayo inaipa Tanzania TZ, Kenya KE, Burundi BI na Kongo ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika CD.

Hatua ya 1: Nakili msimbo wote, ukiwa safi

Usinakili herufi mbili peke yake hata kama ndizo unazozitafuta, maana bila nafasi kumi zilizobaki huna njia ya kujua kama umezisoma sawasawa. Ondoa mianya na vistari ambavyo baadhi ya madalali huweka ili msimbo usomeke kwa urahisi, kisha hesabu nafasi. Zikiwa 11 au 13, rudi kwenye karatasi. Katika taarifa zilizochapwa kwa wino hafifu au kupigwa picha kwa simu, kosa la kawaida ni sifuri kugeuka herufi O, au namba 1 kugeuka herufi I. Nafasi mbili za mwanzo haziwi tarakimu kamwe, na nafasi ya mwisho haiwi herufi kamwe.

Hatua ya 2: Pima tarakimu ya ukaguzi kabla ya kuamini herufi

Chukua hisa za KCB, benki ya Kenya ambayo imeorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Msimbo wake ni huu:

```
KE0000000315
```

Weka kando tarakimu ya mwisho, yaani 5. Kisha geuza kila herufi kuwa namba, ukianza na A ambayo ni 10, B ambayo ni 11, hadi Z ambayo ni 35. Hivyo K inakuwa 20 na E inakuwa 14. Panga tarakimu zote kwa mstari mmoja, kisha anzia kulia na uzidishe kwa mbili tarakimu ya kwanza, uiache ya pili, uzidishe ya tatu, na kuendelea hivyo. Zao likizidi 9, jumlisha tarakimu zake mbili, kwa mfano 18 inakuwa 9.

```
2 0 1 4 0 0 0 0 0 0 0 3 1
4 0 2 4 0 0 0 0 0 0 0 3 2
```

Jumla ya mstari wa pili ni 15. Kumi kamili inayofuata ni 20, na tofauti yake na 15 ni 5, ambayo ndiyo tarakimu tuliyoiweka kando. Msimbo umekubali. Mtu akikosea akaandika TZ badala ya KE kwa sababu hisa hizo alizinunua Dar es Salaam, jumla itakuwa 29, ukaguzi utadai 1, na kosa litajitokeza lenyewe.

Kipimo hiki, hata hivyo, kina tundu ambalo kwa sisi wa Afrika Mashariki si dogo. Ukifanya hesabu ya herufi peke yake katika msimbo ambao nafasi zake tisa za kati ni tarakimu tupu, TZ huchangia 24 na UG ya Uganda huchangia 14. Zote mbili zinaishia na 4, na kwa kuwa ukaguzi hutazama tarakimu ya mwisho ya jumla tu, msimbo wa Tanzania ulioandikwa kwa makosa kama wa Uganda utapita bila kuonyesha dosari yoyote. KY, ambayo ni Visiwa vya Cayman, nayo huchangia 14. Kwa hiyo pale unapokutana na TZ, UG au KY, linganisha pia jina la mtoaji na msimbo katika orodha ya soko husika. Hesabu pekee haitoshi.

Hatua ya 3: Tafuta herufi katika orodha, usizikisie

Kukisia ndiko kunakoharibu. KY si Kenya, kama tulivyoona. CH ni Uswisi, wala si China, ambayo ni CN. ZA ni Afrika Kusini, ZM ni Zambia, ZW ni Zimbabwe. CD na CG ni Kongo mbili tofauti, na anayekaa Kigoma hahitaji kuelezwa kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Uingereza huandikwa GB, wakati kisiwa cha Jersey kina herufi zake, JE, ijapokuwa kiko chini ya mfalme huyohuyo. Glencore, kampuni inayochimba shaba na kobalti kusini mwa Kongo, ina makao makuu Uswisi na hisa zake huuzwa London, lakini msimbo wake ni JE00B4T3BW64, kwa kuwa kisheria ni kampuni ya Jersey. Anayeandika Kongo, Uswisi au Uingereza katika safu ya nchi ya mtoaji amekosea, ingawa kila moja ya nchi hizo kweli inahusika.

Hatua ya 4: Uliza hati ni ya aina gani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwa hisa za kawaida, herufi huonyesha nchi ambayo kampuni imesajiliwa kisheria. Kwa stakabadhi za amana, yaani karatasi ambazo benki hutoa dhidi ya hisa za kampuni ya kigeni inazozishikilia, kanuni hubadilika: herufi hufuata mtoaji wa stakabadhi, si kampuni ambayo hisa zake zimeshikiliwa.

Mfano ulio karibu nasi ni AngloGold Ashanti, mwenye mgodi wa dhahabu wa Geita. Tuseme mstaafu aliyewahi kufanya kazi huko ana hisa za kampuni hiyo, na ameniletea taarifa za miaka mbalimbali zenye misimbo mitatu:

```
ZAE000043485
US0351282068
GB00BRXH2664
```

Ukiipima kwa njia ya hatua ya pili, yote mitatu inakubali, kwa hiyo hakuna kosa la uchapaji. Katika ule wa kwanza na wa tatu usisahau kwamba kila herufi ya katikati nayo hugeuzwa kuwa tarakimu mbili.

Msimbo wa kwanza ni wa hisa za kawaida za zamani, wakati kampuni ilipokuwa imesajiliwa Afrika Kusini. Mtoaji: Afrika Kusini.

Msimbo wa pili ndio mtego. Mtu akiona US atasema kampuni ni ya Marekani, na haikuwa hivyo. Hizo zilikuwa stakabadhi za amana zilizouzwa New York na kutolewa na Bank of New York Mellon, kila moja ikisimama badala ya hisa moja ya Afrika Kusini. Herufi zimesema kweli kuhusu karatasi aliyokuwa ameishika mteja, lakini zimenyamaza juu ya kampuni iliyo nyuma yake. Dalili ya kutafuta katika taarifa ni vifupisho ADR au ADS karibu na jina la kampuni. Ukiviona, andika Marekani katika safu ya mtoaji wa hati, kisha fungua safu ya pili ya nchi ya kampuni yenyewe na uandike Afrika Kusini.

Msimbo wa tatu ulianza kutumika Septemba 2023, kampuni ilipohamisha usajili wake kwenda Uingereza. Wenye hisa za zamani na wenye stakabadhi walipewa hisa za kampuni mama mpya, moja kwa kila moja waliyokuwa nayo. Tangu hapo soko kuu la hisa hizo ni New York na ofisi kuu iko Colorado, lakini herufi ni GB kwa sababu zinafuata usajili. Mgodi wa Geita haukusogea hata hatua moja katika mabadiliko hayo yote, wala herufi TZ hazijawahi kuonekana katika msimbo wowote kati ya hiyo mitatu. Anayetaka kujua dhahabu inachimbwa wapi asome ripoti ya mwaka ya kampuni; ISIN haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Andika rejesta kwa namna isiyochanganya

Tenganisha safu ya nchi ya mtoaji na safu ya soko. Hisa za KCB huuzwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali kwa msimbo uleule wa KE, hivyo anayetumia herufi kukisia soko au sarafu ya malipo atakuwa anabahatisha. Usitumie herufi hizo pia kuamua kodi ya gawio, maana kampuni inaweza kusajiliwa nchi moja na kuhesabiwa mkazi wa nchi nyingine kwa ajili ya kodi. Hilo huulizwa kwa dalali au kwa mshauri wa kodi.

Msimbo ukibadilika, kama ulivyobadilika wa AngloGold, usifute wa zamani. Funga mstari wake kwa tarehe ya mwisho, fungua mstari mpya, na uunganishe miwili hiyo kwa maelezo mafupi. La sivyo, mkaguzi wa hesabu ataona hisa zilizotoweka na nyingine zilizoibuka bila kununuliwa.

Inabaki herufi XS, ambazo hazipo katika orodha ya nchi hata ukitafuta mchana kutwa. Hupewa hati za kimataifa, hasa hati fungani zinazohifadhiwa na kukamilishiwa malipo kupitia Euroclear na Clearstream, na hazionyeshi nchi yoyote. Hati fungani ya miaka kumi ambayo Serikali ya Kenya iliiuza nje mwaka 2014 ilikuwa XS1028952403. Ukikuta mwanzo wa namna hiyo, acha herufi, fungua waraka wa toleo, soma jina la mtoaji kwenye ukurasa wa kwanza, na ujaze safu ya nchi kutoka humo.