Maumivu ya kinena: mwambie aonyeshe kwa kidole

Wadau wa soka, mchezaji akisema kinena kinamuuma msikimbilie kusema amevuta msuli, mwambieni kwanza aonyeshe kwa kidole panapouma. Akishika ndani ya paja, juu kabisa pale msuli unapojishika kwenye mfupa wa kinena, mlaze chali akunje magoti, weka ngumi yako katikati ya magoti aibane kwa nguvu, ikiuma palepale basi huo ni msuli wa paja la ndani.

Winga wetu mmoja alipumzishwa wiki tatu kwa jina la msuli, akirudi anajisikia freshi, sprinti mbili tu maumivu yamerudi. Nilipomuuliza vizuri kidole kikaenda juu ya mkunjo wa paja, tumboni chini upande mmoja, na akikohoa au akijiinua kama anapiga sitapu panachoma. Hiyo ndo inaitwa ngiri ya wanamichezo, na jina linapotosha maana mara nyingi hakuna uvimbe wowote unaoonekana, kwa hiyo watu wanaipuuza.

Sasa yule asiyeweza kuonyesha sehemu moja, anakamata nyonga kwa kiganja kizima kidole gumba nyuma vingine mbele na kusema inauma ndani ndani, huyo shuku jointi yenyewe, hasa kama kukaa muda mrefu au kuvaa soksi kunamsumbua. Ila hizi zinaweza kuja mbili kwa pamoja, so kipimo cha daktari bado kinahitajika, na korodani ikiuma ghafla ni hospitali saa hiyohiyo.