Akaunti ya mkopo wa simu imefungwa na deni hulikubali: namna ya kudai mchanganuo wa makato

Aplikesheni inapokufungia na kuonyesha deni usilolitambua, kupiga simu na kubishania jumla hakusaidii. Mhudumu anayepokea simu anaiona jumla ileile unayoiona wewe, na mara nyingi hana uwezo wa kuibadilisha. Kosa, kama lipo, limekaa kwenye mstari mmoja au miwili ya hesabu: tarehe, saa, jina la tozo, au kiasi ambacho asilimia imepigiwa. Somo hili linahusu namna ya kuifikia mistari hiyo.

Hatua ya 1: Jua umefungiwa nini

Soma ujumbe wa kufungiwa neno kwa neno. Ukiweza kuingia ila huwezi kukopa, hilo ni suala la deni. Ukishindwa kuingia kabisa, huenda sababu ni namba ya siri, kubadilisha simu au laini, au uhakiki wa kitambulisho, na hayo hushughulikiwa na watu wengine kabisa. Ukituma lalamiko la deni kwa kitengo cha uhakiki, litakaa huko bila jibu. Kama ujumbe hautaji sababu, swali lako la kwanza kwa maandishi liwe hilo.

Hatua ya 2: Hifadhi ushahidi kabla ya kugusa chochote

Usiifute aplikesheni. Ukiifuta, huenda historia ya mikopo, arifa na nakala ya masharti uliyoyakubali vikapotea, na kuingia tena kukahitaji akaunti iliyo wazi. Piga picha za skrini zinazoonyesha saa na tarehe: ukurasa wa deni, historia ya malipo, ujumbe wa kufungiwa. Hifadhi SMS zote za mkopeshaji, hasa ile ya siku mkopo ulipotoka.

Kisha chukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya pesa za simu au benki uliyolipia, kuanzia siku ulipopokea mkopo hadi leo. Hati hii ina uzito kuliko picha zako zote, kwa sababu imetoka kwa mtu wa tatu na kila muamala una namba na saa yake.

Tafuta pia masharti yaliyokuwa yakitumika siku ulipokopa. Masharti hubadilishwa, na yale yaliyo kwenye tovuti leo yanaweza kuwa na tozo ambazo hukuzikubali.

Hatua ya 3: Piga hesabu yako mwenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tuichukue polepole kwa mfano.

Mkopo ni 10,000 kwa siku 30, ada ni 15%, yaani 1,500. Unatakiwa kurudisha 11,500. Mkataba unasema ukichelewa kuna faini ya 5% ya deni lote mara moja, kisha 0.5% kwa kila siku. Siku ya mwisho, saa 23:40, unalipa 11,500 zote. Siku 20 baadaye aplikesheni inakudai 1,575 na imekufungia.

Imetokeaje? Pesa ilitoka kwako saa 23:40, lakini mfumo wa mkopeshaji uliiandika saa 00:20, siku iliyofuata. Ilipofika saa sita kamili usiku, mfumo ulikuwa umeshakuhesabu umechelewa na kukupiga faini ya 575. Malipo yako yalipoingia yakagawanywa kwa mpangilio ambao mikopo mingi huufuata: faini kwanza (575), ada ya mkopo (1,500), kisha deni la msingi (9,425). Kwenye deni la msingi ikabaki 575. Baada ya hapo mfumo ukakata 0.5% ya mkopo wote wa 10,000, yaani 50 kila siku. Siku 20 ni 1,000. Jumla 1,575.

Sasa kuna majibu matatu yanayowezekana, na mkataba ndio unaochagua. Kama mkataba unahesabu malipo tangu saa uliyotuma, deni ni sifuri. Kama unahesabu tangu mkopeshaji alipopokea, faini ya 575 inasimama. Hata hivyo, kama 0.5% inapigwa kwenye deni lililobaki, kila siku ni 2.875, siku 20 ni 57.50, na deni lote ni 632.50. Ile 1,575 inakuwa sahihi pale tu mkataba unaposema waziwazi kwamba asilimia ya kila siku inapigwa kwenye mkopo wa awali. Maneno machache kama "deni lililobaki" au "kiasi cha mkopo" yanabeba tofauti ya karibu 1,000.

Andika jedwali lako kwa mpangilio huo: tarehe, saa, jambo, kiasi, baki. Tumia saa za mfumo wa 24, kama risiti zinavyoandika, ili "saa tano usiku" isije ikasomwa vingine.

Hatua ya 4: Andika ombi lenye maswali yanayojibika

Ukiandika "nipeni taarifa ya akaunti yangu" utatumiwa picha ya jumla. Taja kila kitu unachotaka kukiona. Tuma kwa barua pepe, au kwa njia ya malalamiko iliyotajwa kwenye masharti, ili ubaki na nakala. Maneno yanaweza kuwa haya:

> Yah: Ombi la mchanganuo wa makato, mkopo namba ____, namba ya simu ____
>
> Sikubaliani na deni la ____ linaloonyeshwa tarehe ____. Naomba mchanganuo unaoonyesha: kiasi cha mkopo na kiasi nilichopokea, kila tozo kwa jina lake, tarehe na saa iliyowekwa, kiwango chake, kiasi ambacho kiwango hicho kimepigiwa, na kifungu cha mkataba kinachoiruhusu, kila malipo yangu kwa namba ya muamala, saa mliyoyapokea na jinsi mlivyoyagawanya, na baki baada ya kila mstari. Naomba pia nakala ya masharti niliyoyakubali siku ya mkopo na sababu ya kufungwa kwa akaunti.
>
> Naomba faini, ufuatiliaji wa deni na taarifa kwa taasisi za kumbukumbu za mikopo visimamishwe kwa kiasi kinachobishaniwa hadi mtakaponijibu. Nimeambatisha taarifa ya miamala. Tafadhali nipeni namba ya lalamiko hili na tarehe ya kujibiwa.

Usiandike hasira wala historia ya maisha. Usiandike pia "nakiri nadaiwa ila…", kwa sababu maneno hayo yanaweza kurudishwa kwako kama kukubali deni lote.

Hatua ya 5: Soma jibu kwa jicho kali

Jibu bovu linatambulika. Lina mstari mmoja wa "tozo nyinginezo", au halina saa, au linasema tu kwamba "mfumo umekokotoa". Lirudishe ukitaja mstari unaokosekana. Likiwa kamili, liweke pembeni ya jedwali lako na utafute mstari wa kwanza unaotofautiana. Inayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu. Uliza pia saa zilizoandikwa ni za nchi yako au za seva, maana mfumo unaotumia saa za nchi nyingine unaweza kuhamisha muamala wa usiku kwenda siku isiyo yake.

Muda wao ukipita bila jibu, au wakikataa bila kutaja kifungu, peleka nakala zote kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji nchini mwako. Mara nyingi ni benki kuu au taasisi iliyo chini ya wizara ya fedha. Kwa kawaida watakuuliza kama ulianza kwa mkopeshaji; namba ya lalamiko ndiyo jibu lako.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, nilipe ile sehemu ninayoikubali wakati nasubiri?*

Ndiyo, kama una uhakika unadaiwa, kwa sababu, kama faini inapigwa kwenye deni lililobaki, inapunguza kiasi hicho. Ila tuma barua kwanza ukisema malipo yajayo ni ya deni la msingi na si kukubali kiasi kingine. Bila barua hiyo, mfumo utayapeleka kwenye faini na deni la msingi litabaki palepale. Hata ukiwa na barua, mkataba unaweza kuwa umempa mkopeshaji haki ya kuchagua mpangilio, basi kisome kifungu hicho kabla ya kutuma.

*Kwenye mchanganuo kuna "ada ya kuongeza muda" na mimi sikuomba kuongezewa. Nifanyeje?*

Omba kumbukumbu ya ridhaa: siku na saa ulipokubali, na kwa njia gani, kitufe ndani ya aplikesheni au SMS. Kisha angalia masharti, kwa sababu baadhi huongeza muda zenyewe siku ya mwisho ikipita. Kama hakuna kumbukumbu na hakuna kifungu, tozo hiyo haina pa kusimama, na kila asilimia iliyopigwa juu yake inatakiwa iondoke pia. Watu wengi husahau kudai hiyo ya pili.

*Nililipa lakini mchanganuo hauonyeshi kabisa malipo yangu.*

Linganisha namba ya kumbukumbu uliyoandika wakati wa kulipa na ile ya mkopo wako. Tarakimu moja ikikosewa, au ukilipa kwa laini ya mtu mwingine, pesa inaweza kukaa kwa mkopeshaji bila kuunganishwa na akaunti yoyote. Watumie namba ya muamala na uombe iunganishwe kwa tarehe uliyolipa. Wakiiweka kwa tarehe ya leo, faini za siku zote za katikati zitabaki.

*Kuna mtu ananipigia, anasema nikituma nusu kwenye namba yake deni litafutwa leo.*

Usitume, ndugu. Malipo ya namba binafsi hayaonekani kwenye mfumo wa mkopeshaji, na hata kama mtu huyo ni mkusanya madeni halali, hutakuwa na cha kuonyesha. Mwambie punguzo liletwe kwa maandishi kutoka anwani rasmi ya mkopeshaji, likitaja namba ya mkopo, kiasi, na kwamba baki litakuwa sifuri baada ya hapo. Lipa kwa njia iliyo ndani ya aplikesheni au kwenye mkataba peke yake.

*Deni limesahihishwa na kuwa sifuri, lakini bado nimefungiwa. Naweza kuwalazimisha wanifungulie?*

Kukukopesha tena ni hiari yao, kwa hiyo huenda wasikufungulie huduma ya kukopa. Unachopaswa kudai ni barua ya kumaliza mkopo yenye namba ya mkopo, tarehe na baki la sifuri. Kama walikuwa wameshapeleka jina lako kwenye taasisi ya kumbukumbu za mikopo, dai warekebishe taarifa hiyo, kisha baada ya wiki chache omba ripoti yako mwenyewe uone kama imebadilika. Isipobadilika, peleka lalamiko kwa taasisi hiyo moja kwa moja, ukiambatisha barua na mchanganuo uliosahihishwa.