Somo: Kurahisisha slaidi ya Kiswahili kwa wanaojifunza lugha, mfano wa maji ya chumvi na sukari

Ninafundisha Kiswahili watu wazima hapa Eastleigh, wengi wao wasemaji wa Kisomali, Kioromo na Kitigrinya. Wako kwenye kiwango cha A2 katika mizani ya Ulaya: wanaweza kununua mboga, kupanda matatu na kusoma tangazo fupi. Mwezi uliopita niliazima slaidi za afya zilizoandikwa kwa ajili ya Wakenya, nikazionyesha ukutani bila kuzigusa. Nusu ya somo ikapotea kwenye sentensi moja. Hii hapa:

"Mgonjwa anayehara anapaswa kupewa maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa kuchanganywa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, ambayo yanapaswa kutumika ndani ya saa 24 baada ya kutengenezwa."

Maneno 44, nukta moja. Tuifungue pamoja.

Hatua ya 1: Andika kwanza mwanafunzi atafanya nini. Kabla ya kugusa neno lolote, jiulize akitoka darasani aweze kufanya jambo gani. Hapa jibu ni kwamba aweze kutengeneza lita moja jikoni kwake bila kukosea. Kwa hiyo vipimo vitatu, yaani sukari, chumvi na maji, havipunguzwi wala havizungushwi. Vingine vyote vinaweza kuhama au kuondoka.

Hatua ya 2: Tafuta vitenzi, uvipange kama mkono unavyofanya kazi. Pigia mstari kila kitenzi. Sentensi yetu inaanza na kumpa mgonjwa, kisha kutengeneza, kisha kuchanganya, na kuchemsha kunakuja karibu na mwisho. Msomaji wa A2 hufuata maneno kwa mpangilio anaoyakuta, kwa hiyo atachanganya kwanza ndipo akumbuke kuchemsha. Geuza: chemsha, poza, pima, weka, koroga, mpe.

Hatua ya 3: Ondoa "-lio-", "amba-" na "-wa". Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapomwelemea mgeni, na ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Neno "yaliyochemshwa" limebeba maji, wakati uliopita, urejeshi, tendo na kutendwa, vyote pamoja. Mwanafunzi anayekijua vizuri kitenzi "chemsha" hakitambui kikiwa kimefunikwa mbele na nyuma. Tena kutendwa kunamficha mtendaji: nani achemshe? Andika "Chemsha maji", basi. Kila kitenzi kipate sentensi yake, kikiwa katika umbo alilolisikia mara ya kwanza.

Angalieni pia "usi-" ya kukataza. Ukiandika "Usiweke sukari zaidi", jicho la mgeni linadaka "weke sukari zaidi". Ni afadhali useme kinachotakiwa: "vijiko 6 tu".

Hatua ya 4: Chunguza maneno mepesi yanayodanganya. Neno "chai" kila mmoja darasani analijua. Nilipowapa sufuria na vifaa wafanye, mama mmoja alisoma "vijiko sita vya chai vya sukari", akauliza majani ya chai yako wapi. Hakukosea, ndivyo ilivyoandikwa. Sasa ninaandika "kijiko kidogo" na kuweka picha yake, kimejaa sawasawa bila kilima juu. "Nusu kijiko" nayo husomwa haraka kama "kijiko na nusu", na chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto mdogo. Chumvi ikapata slaidi yake peke yake, na picha ya kijiko kilichojaa nusu.

Mtego wa mwisho ni "saa 24". Hawa wamehangaika wiki nzima kuzoea kwamba saa moja ya Kiswahili ni saa saba za simu zao. Wakiona "saa 24" wanaanza kutafuta ni saa ngapi hiyo. Niliandika "Tumia leo. Kesho mwaga." Sio sawa kabisa na saa 24, lakini inakosea upande ulio salama: atamwaga mapema, hatachelewa.

Hatua ya 5: Tendo moja, slaidi moja. Kwenye PowerPoint, chagua slaidi ya zamani kando kushoto, bonyeza Ctrl+D upate nakala, kisha ufute usichohitaji. Sentensi ya asili ihifadhi kwenye Notes, utaihitaji. Zangu zimekuwa hivi, kila mstari slaidi yake, chini ya kichwa kimoja, "Maji ya mtu anayehara":

Chemsha maji. Subiri yapoe. Pima lita moja.
Weka sukari: vijiko vidogo 6 tu.
Weka chumvi: nusu ya kijiko kidogo.
Koroga. Mpe mgonjwa kidogo kidogo.
Tumia leo. Kesho mwaga. Tengeneza mengine.

Kichwani nimeacha "anayehara" makusudi. Urejeshi mmoja unaorudi slaidi tano wanaubeba kama neno zima. Sikuandika "dawa ya kuhara", ingawa ni fupi zaidi, kwa sababu maji haya hayazuii kuhara. Yanarudisha maji na chumvi mwili uliyopoteza. Akiambiwa ni dawa, ataona mtoto bado anahara, aache kumpa.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mikono. Usiulize "Mmeelewa?", maana watakujibu ndiyo kwa heshima. Zima projekta, weka sukari, chumvi na vijiko viwili vya ukubwa tofauti mezani, uangalie mkono unaenda wapi. Anayeshika kijiko kikubwa amekuonyesha slaidi ya kurekebisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kompyuta yangu ina kipimo cha urahisi wa kusoma. Nisikitumie?*

Usikitegemee, ndugu yangu. Vipimo vya aina ya Flesch viliundwa kwa Kiingereza, na vinahesabu urefu wa sentensi na silabi za kila neno. "Ninakupenda" ina silabi tano, kipimo kitaiona neno gumu, na ni katika maneno ya kwanza mgeni anayojifunza. Kinyume chake "amba" ni fupi na inawasumbua. Hesabu urejeshi na kutendwa kwa kidole, utapata picha ya kweli zaidi.

*Dada, slaidi moja imezaa tano. Mimi nina dakika 30 tu na slaidi kumi za kufundisha. Nifanyeje?*

Slaidi ya maneno matano haikai ukutani dakika tatu. Zangu zote tano zilichukua karibu dakika nane, kujaribu kukachukua kumi na mbili. Ile moja ya zamani ilikula nusu saa. Lakini kumi ni nyingi kweli. Rudi hatua ya 1 kwa kila moja, na isiyo na jambo la kufanya iwe karatasi ya kupeleka nyumbani.

*Je, niweke neno la Kiingereza kando ya gumu? Nairobi si kila mtu anakijua?*

Kwangu wengi hawakisomi. Wanakuwa na maneno mawili magumu badala ya moja. Weka picha.

*Mwalimu, nina wasiwasi. Tukiwalisha sentensi fupi tu, "yaliyochemshwa" watalijua lini? Gazeti halitawarahisishia.*

Wasiwasi wako ni wa haki, nami nilikuwa nao. Ndiyo maana sentensi ya asili iko kwenye Notes. Wiki mbili baadaye ninairudisha ukutani nzima, wakiwa tayari wanajua maana yake kwa mikono yao. Ninawaambia watafute "chemsha" imejificha wapi. Wiki jana yule mama wa majani ya chai alikwenda ukutani, akafunika "yaliyo" kwa kiganja cha kushoto na "wa" kwa kidole cha kulia, akasoma kilichobaki katikati.